Mega Ishirini za Mzee

Shemeji yangu mkubwa anaamini kwamba kitu chochote kinachoingia ndani ya nyumba hii lazima kigawanywe, na kwamba mgawaji ni yeye. Tunamwita Mwenyekiti. Hakuna aliyewahi kumchagua, ila kila panapokuwa na kamati ya harusi au ya msiba utamkuta ameshakalia kiti cha mbele, anasubiri watu wanyamaze. Sauti anayo. Mengine sijayaona, na naishi naye nyumba moja.

Aligawa hata intaneti.

Simtanii. Tulipovutiwa nyaya na kampuni ikatuwekea kifurushi cha mega sitini za kupakua na kumi za kupakia, familia nzima ilifurahi siku chache, kisha malalamiko yakaanza. Mama mkwe analalamika tamthilia yake inazunguka-zunguka. Wifi yangu, kitinda mimba wa nyumba hii (na mzaha wa wifi na waifai nimeshausikia wote, usihangaike), analalamika darasa lake la mtandaoni linakatika. Mtu mwenye akili angeuliza nani anafanya nini, saa ngapi. Mwenyekiti aliitisha kikao.

Kwenye kikao hicho mimi sikuwepo. Nilikuwa kazini, chumba cha pili kutoka sebuleni, mlango umefungwa, na hakuna aliyeona haja ya kugonga. Nilipotoka nikakuta nchi imeshagawanywa. Baba mkwe, kwa kuwa ni mkubwa wa nyumba, alipewa ishirini. Mwenyekiti, kwa kuwa ni mkubwa wa watoto, alijipa ishirini. Televisheni ya sebuleni kumi. Mume wangu sita. Mama mkwe mbili na wifi mbili, kwa sababu wanawake, nukuu ya Mwenyekiti, "hawatumii sana". Halafu akaingia kwenye mipangilio ya ruta, akabadilisha paswedi, akaweka kizuizi kwenye kila kifaa ili asiwepo wa kuvuka fungu lake. Hiyo ndiyo kazi pekee niliyowahi kumwona akiimaliza siku aliyoianza.

"Na mimi?" nilimuuliza.

"Wewe uko ndani ya fungu la mumeo, shemeji," alinijibu kwa upole, kama mtu anayeeleza mtoto kwa nini jua linazama.

Mume wangu ni mtu wa haki. Alichukua sita zake akazikata katikati, tatu kwenye simu yake na tatu kwenye kompyuta yangu. Upande wa kupakia alipewa moja, naye akaikata vilevile, nusu kwa nusu. Kisha kila asubuhi anaondoka na simu yake kwenda kazini, anarudi jioni, na nusu yake inakaa hapa nyumbani mchana kutwa bila mwenyewe. Aliniambia usawa ndio msingi wa ndoa.

Sasa nieleze kazi yangu, maana hawa ndugu hawakuwahi kuuliza. Mimi ni mkalimani. Daktari yuko hospitali ya mbali, mgonjwa yuko mbele yake, hawaelewani lugha. Wananipigia simu ya video, sura yangu inatokea kwenye skrini yao, nachukua la huyu nampa yule, nachukua la yule namrudishia huyu. Simu ya namna hiyo, picha ikiwa safi, inataka kama mega tatu za kushuka na tatu za kupanda. Kupanda ni ile sauti na sura yangu kutoka hapa kwenda kwao. Mwenyekiti alikuwa ameniachia nusu.

Kwa hiyo mimi niliwaona vizuri kabisa. Nilimwona daktari akisubiri, nikamwona mgonjwa akikodolea skrini, nikasikia kila neno. Wao waliona mwanamke aliyeganda mdomo wazi. Nilizima kamera, sauti ikaenda vizuri, lakini mkataba unataka sura ionekane, na mgonjwa akiambiwa habari ya mwili wake anataka kumwona anayemwambia. Nilijaribu bando la simu, ila chumba kile mtandao wa simu unaingia kwa kubahatisha. Wiki ya tano msimamizi wangu akanipigia.

"Simu zako nne zimekatika," alisema. "Alhamisi ijayo nitakaa kwenye simu zako asubuhi nzima, nasikiliza na kuangalia. Ikikatika hata moja, nakutoa. Sitakuwa na la kufanya."

Hakuwa mkali, na hilo ndilo lililonitisha. Ilikuwa kazi ya kwanza tangu niolewe ambayo hakuna ndugu wa mume aliyenitafutia, na sikuwa tayari kuipoteza kwa sababu ya mtu anayegawa mega kama anakata nyama.

Nilimwendea mume wangu. Alikuwa anavua viatu.

"Ongea na kaka," alisema.

"Ongea naye wewe, ni kaka yako."

"Ndiyo maana siwezi," alisema, akaendelea na kiatu cha pili.

Nikamwendea Mwenyekiti mwenyewe. Alikuwa chumbani kwake amewasha taa mbili kali, anajirekodi. Ana kipindi cha mafunzo ya uongozi mtandaoni. Watazamaji wake wanatosha kwenye gari dogo, na mmoja ni mama yake. Kila siku saa sita mchana anapandisha video ya giga mbili.

"Tatizo si mgawanyo, shemeji," alisema bila kuzima taa. "Tatizo ni kampuni, imetupa kifurushi kidogo. Nimepiga hesabu. Vifaa kumi na tisa, kila kimoja mega kumi, tunahitaji mia na tisini. Jumapili kwenye kikao nitapendekeza tupande kifurushi cha mia mbili."

"Kumi na tisa ukiweka na taa ya barazani?"

"Imeunganishwa, si imeunganishwa?"

"Na mizani ya kupimia uzito ya mama?"

"Shemeji, teknolojia haina ubaguzi."

Nilitoka kabla sijasema neno ambalo lingehitaji kikao chake lenyewe. Nilikuwa nimeshaangalia kifurushi cha mia mbili. Upande wa kupakia kilikuwa na kumi zilezile. Tungepanda kifurushi, yeye angegawa upya kwa heshima zote, na mimi ningepata nusu ileile.

Basi nikahesabu mwenyewe. Si kazi ngumu, inahitaji tu mtu anayekubali kutoka kitini. Huhesabu vifaa vilivyomo ndani ya nyumba, unahesabu vinavyofanya kazi kwa pamoja ile saa yenye shughuli nyingi kuliko zote. Taa ikikaa imeunganishwa haili kitu cha maana. Mizani inatuma tarakimu moja asubuhi, na hata hiyo mama mkwe huikana. Nilipita chumba kwa chumba mchana, nikapita tena jioni.

Mchana mama mkwe anaangalia tamthilia kwenye televisheni, ambayo si ya zile za picha kali sana, mega tano. Wifi yuko darasani kwa video, tatu kushuka na tatu kupanda, na wakati huohuo anaangalia vichekesho kwenye simu, tatu nyingine, halafu analalamika hamwelewi mwalimu. Mwenyekiti anajiangalia mwenyewe kwenye simu, tatu. Mimi na simu yangu, tatu kushuka, tatu kupanda. Mzee, yaani baba mkwe, barazani na tableti yake, tatu. Jumla ya kushuka ni ishirini. Nikaongeza kumi za tahadhari, maana huwezi kujua nani atafungua nini, zikawa thelathini. Jioni ilikuja kwenye hesabu hiyohiyo, mume wangu akiwa na mpira wake badala ya darasa la wifi. Sisi tuna sitini. Tulikuwa na mara mbili ya tunachohitaji, na tulikuwa tunakufa kiu.

Mume wangu pia hushusha michezo ya kompyuta ya giga arobaini, akashangaa kwa nini haikuwa kwenye hesabu. Nilimwambia kitu kinachopakuliwa hakina kasi kinachoihitaji. Kinakula kilichobaki, na kikikosa kinasubiri. Simu haisubiri. Mtu anayeongea hawezi kuongea kesho kile alichotaka kusema leo.

Upande wa kupakia ndio uliokuwa na jipu. Mimi tatu, wifi tatu, sita kati ya kumi. Zilitosha. Ila pale saa sita Mwenyekiti anapoanza kupandisha video yake, video hiyo haina adabu, inachukua chochote inachokikuta. Ipandishwe usiku watu wamelala, au ibanwe kwa mega tatu ichelewe kidogo, watazamaji wake watavumilia. Vizuizi vingine vyote viondolewe. Hakuna cha kununua. Hakuna cha kugawa.

Na hapo ndipo nilipofurahi, nakiri, maana niliona namna ya kumvua nguo mbele za watu. Mega ishirini za Mzee. Kizuizi hakiwekei mtu akiba, kinazuia wengine tu. Mzee akiwa hatumii ishirini zake, haziendi kwa mtu mwingine, zinakaa bure, huku mimi naganda mdomo wazi mbele ya daktari. Nilitaka Mwenyekiti aonyeshe hilo kwa mkono wake mwenyewe.

Jumapili alasiri tukakaa sebuleni. Mzee kwenye kiti chake cha mkono, tableti mapajani kama kawaida. Baba mkwe wangu alikuwa mhasibu mkuu wa shirika kubwa, mtu aliyesaini karatasi maisha yake yote, na hata baada ya kustaafu hakuacha kujifahamisha. Kila alasiri alikaa barazani na tableti ile, kichwa kimeinama, na jioni mezani alituhabarisha mambo ya dunia. Nilimheshimu kuliko wote pale. Si sifa kubwa ukizingatia waliobaki.

Mwenyekiti alifungua kikao, akawashukuru wajumbe kwa kufika, wajumbe ambao walikuwa wanaishi humo, kisha akaunganisha kompyuta yake na televisheni ili tuone ukurasa wa ruta kwa ukubwa.

"Vifaa kumi na tisa," alianza.

"Naomba uvisome, shemeji," nilisema. "Kimoja kimoja, na kinachofanya."

Alisoma. Taa, nikamwambia ruka. Mizani, mama mkwe akatazama pembeni. Televisheni tano, simu ya wifi tatu, nikawa najumlisha kwa sauti na yeye anatikisa kichwa kama mwalimu ambaye mwanafunzi amemkera. Tulipofika kumi na saba nikaongeza tatu za tableti ya Baba, ambayo tulikuwa bado hatujaifikia, zikawa ishirini.

"Tuna sitini," nilisema. "Kifurushi cha mia mbili ni cha nini?"

"Cha baadaye," alisema Mwenyekiti.

"Na cha mia mbili kina kupakia kumi, kama hiki. Umesoma hapo?"

Hakuwa amesoma. Alisema kampuni zinabadilisha mambo. Mume wangu alianza kuchunguza kucha zake.

"Haya, tuangalie fungu kubwa," nilisema. "Tableti ya Baba. Ina ishirini. Tuonyeshe inatumia ngapi."

Mwenyekiti akashuka na ukurasa, akapanda, akashuka tena. Tableti haikuwepo kwenye vilivyounganishwa. Akaikuta chini kabisa, kwenye vile vilivyowahi kuunganishwa, rangi ya kijivu.

"Soma," nilisema.

"Haijaunganishwa tangu…" Alitaja tarehe. Ilikuwa siku ile aliyobadilisha paswedi.

Wifi alicheka. Mimi sikucheka, mimi nilikuwa na raha kubwa zaidi ya kucheka. Zaidi ya mwezi, mega ishirini zimefungiwa kwa ajili ya kifaa ambacho hakimo. Niliinuka kabisa. Niliongea na Mwenyekiti lakini nilimwangalia Mzee, kwa kuwa yeye ndiye hakimu.

"Mwezi mzima Baba hajafungua hata ukurasa mmoja," nilisema. "Hata mmoja. Tableti hiyo haina paswedi mpya, haina habari, haina chochote. Mnaninyima kazi kwa ajili ya kioo kitupu."

"Mzee anaangalia kila siku," alisema Mwenyekiti. "Tunamwona wote."

"Anaangalia nini, basi? Muulize. Baba, ulikuwa unaangalia nini pale barazani?"

Vidole vya Mzee vilikuwa vinapapasa ukingo wa tableti, vinatafuta kitufe cha kuwasha, vikakipita, vikarudi. Mama mkwe alisema jina langu, taratibu, kwa namna ambayo ningepaswa kukaa chini. Sikukaa. Nilikuwa nashinda.

"Au hujui kuingiza paswedi?" nilisema. "Ungesema tu, Baba, mtu angekuwekea. Iliandikwa kwenye karatasi, ikabandikwa hapo ukutani juu ya ruta, maandishi makubwa hivyo."

"Siioni," alisema Mzee.

"Hiyo hapo, juu ya…"

"Mwanangu, siioni karatasi. Siuoni huo ukuta."

Televisheni iliendelea kuonyesha ule ukurasa wa ruta, na hakuna aliyejua aangalie wapi. Mzee alieleza polepole, kwa mpangilio, vile alivyozoea kusoma taarifa ya mwaka. Maandishi yalipotea kwanza, mwaka jana. Akaacha kitabu akachukua tableti kwa sababu ilikuwa na mwanga, akawa anazikuza herufi, mpaka herufi moja ikajaa skrini nzima na bado haikusomeka. Sasa alikuwa anaona kivuli na mwanga. Habari za dunia alizipata kwenye redio alfajiri, kabla hatujaamka, akazitunza mpaka jioni. Mama mkwe alijua. Mzee alimwapisha asituambie.

"Mlikuwa bado mnaniuliza mambo," alisema. "Nilitaka muendelee kuniuliza."

Nilitafuta pa kukaa.

Mwenyekiti alikohoa. Nilidhani anataka kuomba radhi kwa niaba yetu, maana huwa anapenda kufanya mambo kwa niaba. "Kwa hali hiyo, Mzee," alisema, "zile ishirini zirudi mezani tuzigawe upya."

Kwa mara ya kwanza tangu niingie kwenye familia hii, mume wangu alimwambia kaka yake anyamaze.

"Ondoa vizuizi vyote," alisema Mzee. "Fanya kama mkwe wangu alivyohesabu. Amehesabu vizuri. Na mambo yako ya uongozi yapandishe usiku."

Yakaondolewa jioni ileile. Sikumshukuru. Nilitaka kwenda kumwangukia miguuni na sikuenda, nikajiambia nitaenda baada ya Alhamisi.

Alhamisi ilikwenda vizuri mno. Msimamizi alikaa kwenye simu zangu asubuhi nzima, kisanduku chake kidogo kwenye kona ya skrini. Darasa la wifi lilikuwa linaendelea ng'ambo ya ukuta, tamthilia ilikuwa inalia sebuleni, na picha yangu haikutikisika. Kulikuwa na mama aliyekuwa anaogopa upasuaji, na mzee mmoja aliyejibu ndiyo kwa kila swali la daktari. Kwa huyo nilimwomba daktari aulize tena kwa njia nyingine, kwa sababu niliona kwenye uso wake kwamba alikuwa haelewi na anaona aibu. Baadaye msimamizi akaniambia hilo ndilo lililomfurahisha kuliko yote. Alisema picha safi inasaidia, lakini jicho kama langu halifundishiki, na kwamba nafasi yangu ni ya kudumu.

Nilifunga kompyuta nikatoka kwenda barazani. Kiti kilikuwa kitupu. Mama mkwe aliniambia Mzee hajatoka chumbani tangu Jumapili, chakula anapelekewa, hataki kutazamwa.

Nikaenda mpaka mlangoni kwake. Ulikuwa wazi nusu, na alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, uso umeelekea kwangu. Miaka yote niliyokaa pale, nikitokea tu, kabla sijafungua mdomo, alikuwa anajua ni mimi, ananiita mwanangu, ananiuliza kazi ilikuwaje. Kumbe tangu macho yafifie alikuwa anahesabu hatua zetu, sauti za ndara zetu, kila mmoja na yake, kutwa nzima, ili tusimjue. Sasa hakuwa na sababu ya kujisumbua tena.

"Nani?" aliuliza.